Tangawizi na limau kwa kichefuchefu na koo: vipande vingapi, maji kiasi gani, dakika ngapi

Nauza kwenye duka la dawa Temeke, na hakuna wiki inayopita bila mtu kuniambia, "Dada, nimeshakunywa tangawizi, haikunisaidia." Nikimuuliza ameweka kiasi gani, ananionyesha kwa mkono. Mmoja anaonyesha ncha ya kidole, mwingine anaonyesha kiganja kizima. Wote wawili wanaita kitu kimoja, chai ya tangawizi, lakini wamekunywa vinywaji viwili tofauti kabisa.

Mwaka jana jambo hili lilitokea nyumbani kwetu Kimara. Wifi yangu alikuwa na ujauzito wa wiki tisa, kichefuchefu kinamwamsha alfajiri. Wiki hiyohiyo kaka yangu akapatwa na mafua, koo likamuuma. Mama, kwa kuwahurumia wote wawili, akapika sufuria moja. Alitwanga tangawizi kiganja kizima, akaiweka kwenye lita moja ya maji, akaikamulia malimau mawili na maganda akayatia humohumo, kisha akaiacha ichemke bila mfuniko mpaka maji yakabaki nusu. Kaka alikunywa akasema koo limechangamka. Wifi alikunywa kikombe kimoja, kifua kikawaka moto, na baada ya robo saa akatapika kila kitu.

Baadaye nilipima tangawizi ya ukubwa ule kwenye mizani ya jikoni, ikakaribia gramu 80. Maji yakibaki nusu lita, kila kikombe cha robo lita kimebeba tangawizi ya gramu 40. Kikombe nilichomtengenezea wifi siku iliyofuata kilitokana na gramu mbili na nusu. Tofauti yake ni mara kumi na sita. Ndiyo maana naona mwongozo wowote wa kinywaji hiki unapaswa kuanza na kipimo kabla ya kuzungumzia moto.

Kipimo kisichohitaji mizani

Chukua tangawizi mbichi yenye unene wa kawaida, kama kidole gumba cha mwanaume. Ikate kwa kukingama, vipande vya mviringo vyenye upana wa sarafu na unene wa milimita 2 hivi. Kipande kimoja cha namna hiyo kina karibu gramu moja. Hicho ndicho kipimo nitakachotumia tangu hapa mpaka mwisho: kipande kimoja, gramu moja.

Kata kwa kukingama, usikate kwa urefu. Nyuzi za tangawizi zimelala kwa urefu wake, kwa hiyo ukikata kwa kukingama unazikata zote na maji yanaingia kirahisi. Ukikata vijiti virefu, maji yanapata shida kufika ndani na kinywaji kinakuwa chepesi kuliko ulivyokusudia.

Ukiikwaruza kwenye bati la matundu, kijiko cha chai kilichosawazishwa kinabeba kama gramu mbili. Unga mkavu ni habari nyingine. Tangawizi mbichi sehemu yake kubwa ni maji, kama robo tatu mpaka nne ya tano, hivyo gramu moja ya unga ni sawa na gramu tano hivi za mbichi. Nusu kijiko cha chai cha unga, kilichosawazishwa, kinakaribia gramu moja. Mtu anayetia vijiko viwili vya unga kwenye kikombe kimoja kwa kudhani ni kidogo, ametia sawa na vipande ishirini. Isitoshe, ile hali ya kukaushwa hubadili viini vyake vikawa vikali zaidi ulimini, kwa hiyo unga huwasha kuliko mbichi hata pale hesabu zinapolingana.

Kwa nini gramu tano ni muhimu? Kwa sababu kwenye majaribio mengi ya tangawizi kwa wajawazito wenye kichefuchefu, kiasi kilichotumika kilikuwa gramu moja ya unga kwa siku nzima, ikigawanywa mara nne, robo gramu kila mara. Hicho ndicho kiasi ambacho wakunga na madaktari wengi wanakikubali kwa mjamzito. Ukikigeuza kuwa tangawizi mbichi unapata vipande vitano kwa siku. Na kwa kuwa maji hayanyonyi kila kilichomo kwenye kipande, ukinywa maji ya vipande vitano unakuwa chini kidogo ya kiwango hicho, jambo ambalo kwa mjamzito mimi nalipenda.

Mtu mzima asiye mjamzito ana nafasi zaidi. Kiwango kinachotajwa mara nyingi kuwa mwisho kwake ni gramu nne za unga kwa siku, yaani vipande ishirini vya mbichi. Ukipita hapo, faida haiongezeki, ila kiungulia, kucheua na kuharisha ndivyo vinavyoongezeka.

Kununua na kuandaa

Sokoni, iwe Kariakoo, Buguruni au genge la mtaani kwako, tangawizi nyingi huuzwa kwa fungu. Chagua iliyo nzito mkononi, ngozi imekaza, ukivunja tawi lake inalia na kutoa harufu papo hapo. Iliyonyauka na kuwa nyepesi imepoteza maji, hivyo kipande chake chembamba kinabeba ukali mwingi kuliko kinavyoonekana. Iliyokomaa sana ina nyuzi nyingi na ni kali, changa ina ngozi nyembamba na ni laini. Kipimo cha vipande hakitafuta tofauti hizo, ndiyo maana lazima uonje.

Udongo hujificha kwenye maungio ya matawi. Yavunje, uyasugue kwa brashi au kitambaa chini ya maji yanayotiririka. Kumenya si lazima kama ngozi ni safi. Ikiwa na madoa, ikwangue kwa ukingo wa kijiko, maana kisu hukata nyama nyingi. Sehemu yenye ukungu au iliyolainika kata uitupe pamoja na nyama ya pembeni yake.

Maji nayo yana neno. Nyumba nyingi za Dar zinatumia kisima, na maji ya visima vingi hapa yana chumvi. Tangawizi iliyopikwa kwa maji ya chumvi haina ladha nzuri, na mtu mwenye kichefuchefu hatamaliza hata nusu kikombe. Tumia maji unayokunywa, na hata hivyo yaache yachemke kwa nguvu dakika moja kamili kabla ya kuendelea.

Sufuria ya kwanza: nyepesi, kwa kichefuchefu

Vipande vitano, nusu lita ya maji. Chemsha maji peke yake. Yakishachemka, zima moto, tia vipande, funika, acha dakika kumi. Chuja. Basi.

Hapa tangawizi haichemshwi, inalowekwa kwenye maji ya moto. Sababu ni kwamba mtu mwenye kichefuchefu anahitaji harufu na ukali mdogo, na jiko linalotokosa tangawizi nusu saa linajaza nyumba mvuke ambao kwa mjamzito unaweza kuwa ndiyo chanzo cha kutapika. Mfuniko ni wa lazima. Mafuta yenye harufu ya tangawizi ni mepesi, yanaondoka na mvuke. Ukifunika, mvuke unagonga mfuniko na kurudi chini kama matone. Ukiacha wazi, ukali unabaki lakini harufu imepaa, na harufu ni sehemu ya kazi yenyewe.

Onja kwa kijiko kabla ya kuongeza chochote. Kinywaji chepesi kinatambulika hivi: harufu inatangulia, ukikimeza ulimi hauwashi, kisha baada ya sekunde kadhaa unahisi joto dogo nyuma ya koo ambalo linaondoka lenyewe. Rangi yake ni ya majani makavu yaliyopauka, karibu iwe maji matupu. Wengi wakiiona rangi hiyo hudhani haijaiva, wakairudisha jikoni. Usiirudishe. Kama joto la kooni linakaa zaidi ya nusu dakika au unahisi kifua kinawaka, ongeza maji ya moto kiasi kilekile na uonje tena.

Limau hapa ni kidogo sana, kijiko kimoja cha chai kwa kikombe, na hukamuliwa kwenye kikombe, si kwenye sufuria. Mwenye kiungulia asiweke kabisa. Anaweza kukwangua ganda kidogo kwa ukucha na kulinusa, wapo wanaopata nafuu kwa harufu hiyo tu bila asidi kufika tumboni.

Wifi yangu alikunywa hivi. Anaondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri kupanda mwendokasi kwenda Kivukoni, na basi likijaa, marashi na jasho vilikuwa vinammaliza kabla hajafika Magomeni. Tuliandaa nusu lita usiku, tukaichuja, ikaingia kwenye friji. Saa kumi na moja alfajiri, akiwa bado kitandani, alikula biskuti mbili kavu kwanza, akakaa dakika kumi, kisha akanywa nusu kikombe cha chai, kama mililita 120, kidogokidogo. Nusu nyingine saa nne asubuhi ofisini, nyingine saa tisa alasiri, ya mwisho saa mbili usiku. Nne kwa siku, vipande vitano vimeisha, na hakuongeza.

Biskuti zilitangulia kwa makusudi. Tangawizi kwenye tumbo tupu kabisa inaleta kiungulia, na kiungulia kwa mjamzito kinafanana sana na kichefuchefu hata asijue kipi kimemtapisha. Vilevile kunywa kwa mkupuo hakufai. Tumbo lililochafuka hurudisha kinachoingia kwa wingi, lakini kijiko kimoja cha mezani kila baada ya dakika mbili au tatu mara nyingi linakikubali.

Tuligundua pia kwamba kikiwa baridi anakivumilia kuliko cha moto. Siku hizi nawaambia wajawazito wote wajaribu hivyo. Cha moto kinapeleka harufu usoni, cha baridi hakina mvuke. Ukali unaotakiwa umeshatoka kwenye kipande tangu maji yalipokuwa ya moto, ukikipoza hauondoki. Ukitaka barafu, itokane na maji yaliyochemshwa.

Baada ya siku nne kichefuchefu chake kilipungua. Hakikuisha. Alikuwa akitapika mara moja kwa siku na aliendelea kutapika mara moja kwa siku, ila kile kichefuchefu cha kutwa nzima, cha kukosa hata hamu ya kuongea, kilimwachia. Hayo yanalingana na ninayoyajua kuhusu tangawizi: inapunguza kichefuchefu zaidi kuliko inavyozuia kutapika. Ukiitegemea izuie kutapika kabisa utaona haifanyi kazi, utaongeza vipande, na utajikuta kwenye sufuria ya mama.

Usitie majani ya chai. Najua chai ya rangi yenye tangawizi ndiyo tuliyoizoea, lakini mjamzito anayekwenda kliniki amepewa vidonge vya kuongeza damu, na majani ya chai yanazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Limau, kwa vitamini C yake, inasaidia ufyonzaji huo. Na kama vidonge vyenyewe ndivyo vinavyomchafua tumbo, jambo la kawaida sana, amuulize mkunga wake kama anaweza kuvimeza usiku pamoja na chakula badala ya asubuhi. Wifi alifanya hivyo, na nadhani nusu ya nafuu yake ilitoka hapo.

Sufuria ya pili: nzito, kwa koo

Koo linataka kitu tofauti. Hapa hatutulizi tumbo, tunataka kimiminika chenye uvuguvugu kipite mara kwa mara mahali palipovimba, mate yaongezeke, na ukali wa tangawizi ulete lile joto linalofanya maumivu yasahaulike kwa muda. Ninasema kwa muda kwa sababu ndivyo ilivyo. Maumivu mengi ya koo yanaletwa na virusi na yanakwisha yenyewe ndani ya wiki moja hivi. Kinywaji hiki hakifupishi wiki hiyo, kinakusaidia kuipita.

Vipande kumi, maji mililita 600. Vitie kwenye maji yakiwa bado baridi, washa moto, yakishachemka kwa nguvu dakika moja punguza moto mpaka uone vipovu vidogo tu pembeni, funika, acha itokose dakika kumi na tano. Kwenye jiko la mkaa toa makaa kadhaa, maana bila hivyo itafoka na kumwagika. Ukichuja utapata karibu nusu lita, vikombe viwili.

Kutwanga kunabadilisha hesabu. Kinu kinapasua nyama yote kwa pamoja, kwa hiyo dakika tano za kutokosa zinatoa ukali unaokaribia ule wa dakika kumi na tano za vipande. Mimi kwa koo sipendi kutwanga wala kukwaruza, kwa sababu chembechembe zinapita kwenye chujio la kawaida, zinakaa kwenye koo lililochubuka na kuliwasha. Ukilazimika, chuja mara mbili, ya pili kwa kitambaa safi.

Kinywaji kizito kilichofikia kiwango kinawasha ulimi mara moja, joto linashuka mpaka kifuani na kukaa kama dakika moja, lakini unaweza kumaliza kikombe bila kukatiza. Ukikohoa kwa kunusa tu, au machozi yakikutoka kwenye funda la kwanza, kimezidi. Maji ya moto nusu kwa nusu yanakirekebisha, hakuna haja ya kumwaga.

Sasa limau. Hapa Dar tunazo mbili, limau lenyewe, kubwa na la njano likiiva, na ndimu, ndogo ya kijani. Zote zinafaa. Anza na vijiko viwili vya chai vya maji yake kwa kikombe, ambavyo utavipata kwa nusu ndimu au kipande cha robo mpaka nusu limau kutegemea linavyotoa maji. Uchachu ndio unaochota mate, na mate ndiyo yanayofunika koo. Lakini koo likiwa limechubuka, asidi inachoma. Ukihisi kuchoma kunakobaki hata baada ya kumeza, punguza mpaka kijiko kimoja au acha kabisa, kinywaji hakiharibiki kwa kukosa limau.

Kwa nini kwenye kikombe na si kwenye sufuria? Sababu ya kwanza ni ladha: maganda na ule weupe wa ndani vikichemka vinatoa uchungu, na kosa hilo ndilo lililofanya sufuria ya mama iwe chungu hata kwa kaka. Ya pili ni kwamba vitamini C hupungua kwa moto. Ya tatu, sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kuchemshia asidi kwenye alumini kunaila sufuria na kuacha ladha ya chuma.

Asali ikiwepo, kijiko kimoja cha chai, iingie kikombe kikishapoa kiasi cha kunyweka. Asali inapaka koo na inapunguza kikohozi cha usiku, kwa hiyo kikombe cha kulalia ndicho ningekiwekea. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, iwe mbichi au ndani ya maji ya moto, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu ya botulizimu ambavyo moto wa jikoni hauviui na tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia. Mwenye kisukari aihesabu kama sukari.

Usinywe ikiwa inachoma. Wengi wanaamini koo linataka cha moto sana, wanakunywa kwa kupuliza. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliviweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Bila kipimajoto, fanya hivi: mimina kikombeni, subiri dakika kumi, chukua funda ulishike mdomoni bila kulihamishahamisha. Ukiweza kulishika, lipo sawa.

Kaka alikunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni, vipande kumi kwa siku. Alitaka kuongeza sufuria ya pili na nilimwambia anaweza, hapo atakuwa amefika ishirini, lakini ya tatu hapana. Siku ya tano koo lilinyamaza.

Yanayoharibika na namna ya kuyatambua

Kosa ninalolisikia kuliko yote ni la chupa ya chai. Mtu anapika vizuri, anamimina kila kitu ndani ya chupa pamoja na vipande vyake, anafunga. Ndani ya chupa maji yanabaki ya moto saa nyingi na tangawizi inaendelea kutoa. Kikombe cha asubuhi ni kitamu, cha saa kumi kinawaka na kina uchungu, naye hajaongeza kitu. Chuja kwanza, ndipo umimine. Limau pia isiingie kwenye chupa, ikae pembeni ikamuliwe kila unapomimina.

Kosa la pili ni kutumia vipande vilevile mara mbili na kuvihesabu kama vipya. Maji ya pili yana harufu lakini ukali wake umekwisha kwa sehemu kubwa. Kwa mjamzito si vibaya akitaka kitu cha kunywa tu, kwa koo hayasaidii.

Na joto la Dar halisamehe. Kinywaji kilichochujwa kikikaa mezani kinywewe siku hiyohiyo. Kwenye friji kinafika siku mbili, lakini umeme ukikatika usiku kucha, tupa. Kikianza kutoa povu dogo au harufu ya uchachu ambao hukuuweka, kimeanza kuchacha. Vipande vyenyewe unaweza kuvikata vingi, ukavifunga vitano vitano na kuvigandisha. Vinaingia kwenye maji vikiwa vimeganda, na wifi alikuwa na pakiti za wiki nzima.

Kuhusu meno: limau kila siku linamomonyoa ganda la jino. Kinywe ukimalize, usilambe kikombe kimoja kwa saa mbili. Sukutua kwa maji matupu, na usipige mswaki mpaka nusu saa ipite, kwa sababu asidi imeshalainisha jino na mswaki utalikwangua.

Nani asinywe, na lini uache sufuria uende kituo cha afya

Anayetumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asianze tangawizi ya kila siku bila kumwambia daktari wake, kwani inaweza kuongeza uwezekano wa kuvuja damu. Vivyo hivyo anayesubiri upasuaji. Mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo aulize kwanza. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia cha mara kwa mara atajua mapema, kikombe cha kwanza tu kitamwambia. Mtoto wa chini ya miaka miwili mimi simpi. Mkubwa zaidi, kipande kimoja kwenye kikombe kizima, kiwe vuguvugu, na asipokitaka asilazimishwe.

Kichefuchefu chenye homa, katika jiji hili, kipimwe malaria siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka hakichukui hata nusu saa. Mjamzito hana muda wa kusubiri kuona kama tangawizi itasaidia, malaria kwake ni hatari kwake na kwa mtoto. Asiyeweza kubakiza hata maji kwa siku nzima, anayekojoa kidogo na mkojo ni wa rangi nzito, anayeona kizunguzungu akisimama, anayepungua uzito au anayetapika damu, aende hospitali. Akiwa anaharisha maji, anahitaji ORS. Maji ya tangawizi hayana chumvi wala sukari ya kurudisha alichopoteza.

Kwa koo, naogopa zaidi mtoto wa shule, kuanzia miaka mitano mpaka kumi na tano, mwenye homa, koo jekundu lenye madoa meupe, tezi za shingo zimevimba na zinauma, na hana kikohozi wala mafua. Hiyo inafanana na maambukizi ya bakteria, na yasipotibiwa kwa dawa sahihi yanaweza kumwachia ugonjwa wa moyo unaoharibu vali zake. Tangawizi itampunguzia maumivu na kumfanya mzazi adhani amepona. Hapo ndipo inapoweza kudhuru. Mpeleke akaangaliwe siku hiyo, na dawa akipewa amalize dozi.

Anayeshindwa kumeza mate yake mwenyewe, sauti imekuwa kama ana kitu kinywani, mdomo haufunguki vizuri au anapumua kwa shida, asipewe kinywaji chochote. Tafuta usafiri. Na koo linalouma zaidi ya wiki moja bila kupungua, hata kama si kali, lipimwe.

Mama bado anatwanga yake. Ila sasa sufuria ya wifi inapikwa kwanza, ikishachujwa ndipo kinu kinatolewa kabatini.